Tamthilia ya Mahakamani (3): Shahidi wa Mwisho wa Mashtaka

Wiki iliyopita tulimwacha mshtakiwa kizimbani akikana shitaka. Leo tunawaita mashahidi, na swali la mwandishi ni nani atangulie na nani afuate. Nitalijibu kwa tamthilia ya Agatha Christie iliyochezwa London mwaka 1953, ambayo kwa Kiswahili tungeiita Shahidi wa Mashtaka. Nitaifichua siri yake yote, kwa hiyo asiyetaka kuijua aishie hapa.

Leonard Vole anashtakiwa kumuua Emily French, mama tajiri aliyemwandika kwenye wosia wake. Vole anadai kwamba ilipofika saa tatu na nusu usiku alikwisha fika kwake, na mtu pekee anayeweza kuthibitisha hilo ni Romaine, mwanamke anayeishi naye kama mkewe. Kesi nzima imening'inia kwenye saa hiyo moja.

Kabla ya Romaine, Christie anamleta Janet, mtumishi wa marehemu, anayesema alimsikia bibi yake akizungumza na mtu saa hiyohiyo. Wakili wa utetezi, Sir Wilfrid, anamchukua polepole kwa maswali ya dodoso. Huenda sauti ile ilikuwa ya redio. Masikio ya Janet yenyewe si mazima sana. Tena wosia wa zamani ulimpa yeye urithi, na huu mpya umemnyima. Mtazamaji anapumua: Vole atapona. Hapo ndipo upande wa mashtaka unapomwita Romaine, naye anaapa kwamba Vole alirudi baadaye, akakiri kuua.

Badilisha mpangilio huo uone. Romaine akitangulia, Janet hana kazi tena, kwa sababu tunachojali kwake ni saa, na saa imekwisha kusemwa na mtu mwenye uzito zaidi. Dodoso zuri la Sir Wilfrid linageuka porojo. Shahidi mdogo hutangulia ili utetezi upate ushindi mdogo, na shahidi mkubwa hufuata kuunyang'anya. Waandishi wengi wanaoanza huwapanga mashahidi kwa kufuata tukio lilivyotokea: aliyeuona mwili, daktari, mpelelezi. Hiyo ni ripoti ya polisi.

Sasa mkakati wa utetezi. Usiku kabla kesi haijaisha, mwanamke mmoja wa mitaani anawaletea mawakili barua za Romaine kwa mpenzi wake, zenye mpango wa kumwangamiza Vole kwa uongo. Romaine anarudishwa kizimbani, anaumbuka, na Vole anaachiwa huru. Kisha siri inatoka: mwanamke yule alikuwa Romaine mwenyewe aliyejibadilisha, na barua alizitunga. Alijua kwamba mke anayempenda mumewe hasadikiwi anapomtetea. Kwa hiyo alijifanya adui, akajiacha ashikwe uongo, ili baraza la waamuzi limwonee Vole huruma. Na alifanya hivyo akijua kwamba Vole ndiye muuaji.

Siri hii haionekani ya kubandikwa kwa sababu tumeishi nayo tangu mwanzo. Ubaridi wa Romaine katika ofisi ya wakili tuliuona, ila tuliusoma kama chuki. Hapo ndipo pa kujipima: rudi kwenye mswada wako, tafuta sehemu mbili za awali ambazo siri inazipa maana mpya. Usipozipata, ulichoandika ni habari mpya tu, na mtazamaji atahisi umemwibia.

Ukiihamishia kesi yako Tanzania, tahadhari mbili. Kwanza, hakuna baraza la raia wa kulainishwa kwa machozi. Jaji huandika hukumu yenye sababu, hivyo siri yako lazima iguse hoja, si moyo tu. Pili, mshtakiwa anayetegemea utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio anatakiwa kutoa taarifa mapema, au walau aeleze kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wake. Asipofanya hivyo, mahakama ina hiari ya kutoupa utetezi huo uzito wowote. Wakili wa kwenye luninga anayemwibua shahidi wa namna hiyo dakika ya mwisho, huku wakili wa Jamhuri akitazama tu, hajaingia mahakamani kwetu. Lakini sheria hiyo ni zawadi kwa mwandishi: mfanye wakili ashindwe kuitoa taarifa kwa sababu mteja anamficha mtu aliyekuwa naye usiku ule, na kila shahidi wa Jamhuri anaposhuka, muda wa kusema unazidi kuyoyoma.

Tukirudi kwa Christie, katika hadithi yake fupi ya mwaka 1925 iliyozaa tamthilia hii Vole anaondoka salama. Kwa jukwaa Christie aliongeza mwisho mwingine: Vole anamtupa Romaine kwa ajili ya msichana mwingine, na Romaine anamchoma kisu palepale, kwa kisu kilekile kilicholetwa mahakamani kama kielelezo.