Ganzi ya kidole kidogo: ni shingo ao ni mushipa wa mukono?

Mulimaji wa Bendera akiona kidole kidogo kinakufa ganzi, wengi watamuambia ni shingo, juu anabeba mizigo kichwani. Lakini mushipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiko unaweza kuleta ganzi ileile. Mbele ya kumutuma Kalemie kupiga picha ya shingo, munganga anaweza kuzitofautisha kwa karatasi, biki, pamba na pini.

Kwanza anachora mutu, mbele na nyuma. Mugonjwa mwenyewe anaonyesha kwa kidole kimoja fasi ya ganzi na fasi ya maumivu, na munganga anazitia alama tofauti.

Kisha mugonjwa anafunga macho. Munganga anamugusa na kipande cha pamba, bila kukiburuta, naye anasema "ndiyo" kila mara anaposikia. Anaanzia katikati ya ganzi, anatoka inje polepole, na pale mugonjwa anaposikia vizuri anachora mupaka kwa biki juu ya ngozi. Anarudilia vile kwa pini, akiuliza: "Ni kali ao ni butu?" Mukono muzima unapimwa pia, kusudi ulinganishwe. Pini isitoe damu, na kila mugonjwa awe na yake mupya. Sindano ya kudunga dawa haifai, juu inakata ngozi.

Sasa tuseme mupaka wa mulimaji yule umezunguka kidole kidogo, nusu ya kidole cha pete na ukingo wa kiganja, kisha ukasimama kwenye kifundo cha mukono. Hiyo ni alama ya mushipa wa kiko. Kama ganzi ingeshika kidole cha pete chote na kupanda upande wa ndani wa mukono kuelekea kiko, mashaka yangeenda kwenye muzizi wa mushipa, pale unapotoka shingoni.

Pamba na pini vinasaidiana. Mizizi jirani inagawana ngozi, zaidi kwa muguso mwepesi. Kwa hiyo muzizi ukiumia, mara nyingi mutu anasikia pamba bado, lakini pini inakuwa butu. Mushipa ukiumia, fasi isiyosikia pamba mara nyingi ni pana kuliko ile isiyosikia pini.

Watu hawafanani wote: kwa wengine kidole cha pete hakigawanyiki katikati. Na ganzi ikianza kwenye nyayo zote mbili kama soksi, si muzizi mumoja wala mushipa mumoja. Sukari ya damu inapaswa kupimwa.

Mupaka ukionyesha kiko, munganga apapase mushipa nyuma yake na atafute mabaka yasiyosikia kwenye ngozi. Mushipa ulionenepa unaweza kuwa ukoma, ambao bado uko Kongo na dawa yake ni ya bure. Ukicheleweshwa, vidole vinajikunja na kubakia vile.