Saikolojia na Maneno ya Mitaani (Sehemu ya 3): Introvati na Mwenye Aibu Si Mtu Mmoja

Juma lililopita tuliliangalia neno sonona na namna linavyobandikwa kwenye huzuni ya siku moja. Leo tuchukue maneno mawili ambayo vijana huyatumia sana wanapojieleza: introvati na ekstrovati. Kijana asipotokea kwenye harusi ya binamu yake hujitetea kwamba yeye ni introvati. Mwalimu akimwona mwanafunzi hanyooshi mkono darasani, naye humwita introvati mbele ya wazazi. Jirani asiyekaa barazani na wenzake hupewa jina hilohilo, na wapo wanaoongeza kwamba anajisikia. Inawezekana kabisa kwamba kati ya watu hao watatu hakuna introvati hata mmoja.

Aliyeyaeneza maneno haya ni Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, katika kitabu chake kuhusu aina za watu kilichotoka mwaka 1921. Jung alizungumzia mwelekeo wa nafsi: wapo ambao mvuto wao uko nje, kwenye watu na vitu, na wapo ambao mvuto wao uko ndani, kwenye fikra na hisia zao wenyewe. Hakuwa akipima, alikuwa akieleza alichokiona kwa wagonjwa wake na katika maandishi ya watu wa kale. Waliokuja baadaye, akiwemo Hans Eysenck aliyefanya kazi London, ndio waliotaka kipimo kinachoweza kurudiwa na mtu mwingine, na maana ikabadilika.

Leo mwanasaikolojia akitaka kupima hulka hii hutumia dodoso. Unasoma sentensi kuhusu mwenendo wako wa kawaida na kuonyesha ni kwa kiasi gani inakuhusu, mara nyingi kwa ngazi tano, kutoka kukataa kabisa hadi kukubali kabisa. Majibu hujumlishwa, kisha jumla yako hulinganishwa na ya watu wengine wengi. Katika dodoso maarufu la Wamarekani Paul Costa na Robert McCrae, kinachojumlishwa ni mambo sita: ukunjufu kwa watu, kupenda kuwa kwenye kundi, kujiamini katika kusema na kuongoza, wepesi wa shughuli, kutafuta msisimko, na kuwa na furaha mara kwa mara. Mwenye jumla ya juu huitwa ekstrovati, mwenye jumla ya chini huitwa introvati.

Hapa pana jambo ambalo mazungumzo ya kawaida huliruka. Hicho ni kipimo kimoja kirefu, si vyumba viwili vyenye ukuta katikati. Alama za watu zikipangwa, wengi hukusanyika katikati, na wachache tu huangukia kwenye ncha. Kwa hiyo kumuuliza mtu kama ni introvati au ekstrovati ni sawa na kumuuliza kama ni mrefu au mfupi: wapo wenye jibu la wazi, lakini wengi ni wa kimo cha wastani.

Tena, alama hiyo ni wastani wa mienendo ya mtu. Mwaka 2001 mtafiti William Fleeson alichapisha matokeo ya watu walioeleza mwenendo wao mara kadhaa kwa siku, kwa muda wa majuma. Mtu yuleyule alionekana mchangamfu sana saa hii na mkimya saa nyingine. Kilichodumu ni wastani wake. Introvati anayecheka sana na marafiki zake Jumamosi hajaigiza, wala hajaacha kuwa introvati.

Sasa angalieni kisichokuwemo katika yale mambo sita. Hofu ya kuonwa na watu haimo. Kiburi hakimo. Wala kina cha fikra hakimo, ingawa introvati wengi husifiwa kwa hilo, na wahenga wenyewe walituzoesha kuona kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Udadisi wa mawazo hupimwa kwa kipimo kingine kabisa, na upole au ukali kwa watu hupimwa kwa kingine tena. Introvati anaweza kuwa mwenye fikra nzito, na anaweza asiwe hivyo. Ukimya wake haukuambii.

Nyongeza inayoumiza zaidi ni ya aibu. Mwaka 1981 Wamarekani wawili, Jonathan Cheek na Arnold Buss, walitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakichanganywa. La kwanza ni hamu ya kuwa na watu. La pili ni wasiwasi unaompata mtu akiwa mbele ya watu, hasa asiowazoea. Waliona kwamba mambo hayo yana uhusiano, lakini ni dhaifu: kujua la kwanza hakukuambii la pili. Kisha wakawakutanisha wanafunzi wa kike wasiojuana, wakawatazama wakizungumza. Waliotaabika zaidi ni wale waliopenda watu huku wakiwaogopa. Ndio waliozungumza kwa shida, wakakwepa macho ya wenzao na kujishikashika mikono na mwili. Wenye aibu ambao hawakuwa na hamu kubwa ya watu hawakuonyesha taabu kiasi hicho.

Tuchukue mfano wa darasani. Tuseme Rehema na Zuhura wote hukaa dawati la nyuma, hawanyooshi mkono, na mapumziko hawajiungi na kundi. Mwalimu amewaita wote introvati. Rehema akiulizwa swali hujibu kwa sauti ya kawaida, kisha hunyamaza. Mapumziko husoma au hukaa na rafiki yake mmoja, na sherehe ya darasa ikiahirishwa hajali. Zuhura akiulizwa swali jibu analijua, lakini moyo humwenda mbio, viganja humtoka jasho na sauti humkauka. Usiku kabla ya kuwasilisha kazi mbele ya wenzake halali. Mapumziko huwatazama wasichana wanaocheka chini ya mwembe, akitamani wamwite. Akibaki nyumbani siku ya sherehe hupata nafuu kwa saa moja, kisha hulia.

Rehema ni introvati, na hahitaji kutibiwa chochote. Zuhura huenda ni ekstrovati mwenye hofu. Akiambiwa kwamba ndivyo alivyoumbwa, ataendelea kukwepa, na kila anapokwepa hofu huzidi kukomaa, kwa kuwa hapati nafasi ya kuona kwamba jambo baya alilolitarajia halitokei. Hofu ya namna hiyo ikifika mahali pa kumzuia mtu kusoma au kufanya kazi, ina tiba inayojulikana: mazungumzo na mtaalamu pamoja na mazoezi ya hatua kwa hatua, kwa mfano kuanza kuuliza swali moja dukani hadi kusimama mbele ya darasa.

Limebaki dai kwamba watu humchosha introvati na humjaza nguvu ekstrovati. Katika utafiti uliofanywa Finland na kuchapishwa mwaka 2017, wanafunzi walipochangamka walijisikia vizuri papo hapo, kisha saa chache baadaye wakachoka. Uchovu huo haukuwa wa introvati peke yao. Ekstrovati nao waliupata.

Kwa hiyo mzazi au mwalimu unayeona mtoto amejitenga, usianze kwa kumpa jina. Muulize akiwa peke yake: wenzako wakikaa pamoja, unatamani kuwa nao? Na ukiwa nao, unaogopa nini? Kama anatamani lakini anaogopa, mtafutie msaada mapema. Juma lijalo tutalitazama neno trauma.