Kifungu cha 7 Kilipohama

Rasimu ya mkataba wa pango la duka ina vifungu 10. Cha 3 ni kodi, cha 4 dhamana, cha 5 matumizi ya duka, cha 6 ukarabati, cha 7 notisi, cha 8 kusitisha mkataba, cha 9 usuluhishi wa migogoro na cha 10 sheria inayotumika. Pande mbili zinakubaliana mambo mawili: dhamana iunganishwe na kodi katika kifungu cha 3, na notisi ipelekwe mwisho kabisa. Hakuna haki wala wajibu uliokusudiwa kubadilika. Hata hivyo, kuanzia cha 4 kushuka chini, hakuna kifungu kinachobaki na namba yake.

Sasa soma kifungu cha kusitisha: “Mpangishaji anaweza kusitisha mkataba huu baada ya kufuata utaratibu wa kifungu cha 7.” Zamani hapo palikuwa na notisi. Leo cha 7 ni usuluhishi wa migogoro, na sentensi bado inaeleweka vizuri. Mpangishaji anaamini anadaiwa barua ya notisi tu. Mpangaji ana haki ya kusema wapite kwanza kwa msuluhishi. Rejeo linaloelekeza kwenye kifungu kisichokuwepo hugunduliwa na msomaji yeyote aliye makini. La hatari ni hili linaloelekeza kwenye kifungu kilichopo, ila si chenyewe.

Kwa hiyo kazi huanzia kwenye karatasi ya pembeni, kabla ya kugusa rasimu. Andika namba ya zamani, mada yake, kisha namba mpya: matumizi kutoka 5 kwenda 4, ukarabati 6 kwenda 5, notisi 7 kwenda 9, kusitisha 8 kwenda 6, usuluhishi 9 kwenda 7, sheria 10 kwenda 8. Dhamana haipati kifungu chake, 4.1 na 4.2 zinakuwa 3.4 na 3.5.

Wengi huharibu hapo wanapobadilisha namba moja kwa moja kwa kompyuta. Ukigeuza kila “kifungu cha 7” kuwa cha 9, halafu ukaja kugeuza kila “kifungu cha 9” kuwa cha 7, marejeo yote ya notisi yanarudi yalikotoka, safari hii yakiwa yamechanganyika na ya usuluhishi, wala huwezi tena kuyatenganisha. Dawa yake ni kuondoa namba zote kwanza. Kila rejeo la notisi liandikwe `[[NOTISI]]`, la usuluhishi `[[USULUHISHI]]`, na kadhalika. Vifungu vikishatulia mahali pake, rudisha namba mpya, kisha tafuta `[[`. Ikionekana hata moja, kazi haijaisha. Namba za kifungu cha sheria ya nchi, tuseme Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, usiziguse. Hizo si za mkataba wako.

Marejeo ya mfululizo yanahitaji akili ya mtu. “Vifungu vya 5 hadi 8” vilikuwa matumizi, ukarabati, notisi na kusitisha. Sasa ni 4, 5, 9 na 6. Ukiandika “4 hadi 6” umeiacha notisi. Ukiandika “4 hadi 9” umeingiza usuluhishi na sheria inayotumika. Vitaje kimoja kimoja. Tafuta pia “kifungu kilichotangulia”, maneno ambayo hayana namba ya kukushtua.

Kinachonihangaisha zaidi ni kuunganisha. Kifungu cha 3 hakikubadilika namba, hivyo wengi hukiruka. Lakini kama mkataba unasema “kiasi chochote kinachodaiwa chini ya kifungu cha 3 kikichelewa kitatozwa riba ya 2% kwa mwezi”, riba hiyo ilikuwa ya kodi pekee. Sasa dhamana imo humo humo, na mpangaji ameongezewa mzigo ambao hakuna aliyeujadili. Rejeo lipunguzwe liwe “vifungu vya 3.1 hadi 3.3”.

Ukitumia Word, marejeo yaliyoingizwa kwa `Cross-reference` hujisahihisha ukibonyeza `Ctrl+A` kisha `F9`. Yaliyochapwa kwa mkono hubaki kama yalivyo. Ukikifuta kichwa cha kifungu cha 4, patatokea `Error! Reference source not found.` Hilo ni onyo jema. Kuhusu ile riba, programu haitakuonya. Mwishoni msomee mwenzako kila rejeo, naye afungue kifungu kinachotajwa na kukuambia kinahusu nini.

Yote haya ni ya rasimu. Mkataba ukishasainiwa, usipange namba upya: barua za madai na viambatisho vimekwisha kuzitaja namba za zamani. Hati ya marekebisho iseme kifungu cha 4 kimefutwa, namba yake ibaki wazi, na nyongeza baada ya cha 6 iitwe 6A.