Je, bei huuheshimu mstari wa siku 200?

Kati ya mistari yote ambayo wachambuzi wa hisa huichora kwenye chati, hakuna unaotajwa sana kama wastani wa siku 200. Hesabu yake ni nyepesi: chukua bei za kufunga za siku 200 za mwisho za soko, zijumlishe, gawanya kwa 200. Kesho bei mpya inaingia na ile ya zamani kuliko zote inatoka. Mstari huo unabeba miezi tisa na nusu hivi ya bei, ndiyo maana hauna haraka. Bei ikiwa juu yake, mwenendo huhesabiwa kuwa wa kupanda na mtu anabaki na hisa zake. Ikifunga chini, anauza na kukaa na fedha taslimu.

Hicho ni chujio tu. Lakini juu yake imejengwa imani nyingine, kwamba bei ikiufikia mstari hudunda. Mifano ipo. Tarehe 16 Agosti 2022 faharisi ya S&P 500, inayopima kampuni kubwa za Marekani, ilipanda hadi 4,325, pale pale mstari ulipokuwa, ikageuka. Tarehe 12 Oktoba ilifunga kwenye 3,577.

Mfano mmoja mzuri, hata kumi, hautoshi. Kabla ya kuhesabu, lazima tuseme heshima ni nini. Tuseme bei imeshuka mpaka kwenye mstari, nasi tunaamua kwamba imeuheshimu ikipanda asilimia 3 kabla ya kushuka asilimia 3. Bei inayokwenda kwa bahati nasibu, isiyojua kama kuna mstari, itafaulu mtihani huo nusu ya mara zote. Sasa legeza kipimo kidogo: ipande asilimia 2 tu kabla ya kushuka 4. Bahati peke yake itatoa mafanikio mawili katika kila majaribio matatu. Kwa hiyo anayekuambia mstari “unafanya kazi” theluthi mbili ya wakati, muulize kwanza amepimaje. Kisha mwambie arudie hesabu kwa siku 187 au 215. Majibu yakifanana, namba 200 haina siri yoyote.

Machi 2020 inaonyesha gharama ya kuuchukulia mstari kama ukuta. Mstari wa S&P 500 ulikuwa karibu na 3,050. Tarehe 27 Februari faharisi ilifunga 2,979, chini yake. Tarehe 2 Machi ikafunga 3,090, juu. Kesho yake 3,003, chini. Tarehe 4 Machi 3,130, juu tena. Tarehe 5, 3,024, chini. Mtu aliyefuata kila ishara kwa bei ya kufunga aliuza, akanunua, akauza, akanunua, akauza, na kila alipouza au kununua alikuwa amechelewa. Faharisi iliporudi juu ya mstari tarehe 27 Mei, kwenye 3,036, fedha zake zilitosha kununua hisa pungufu kwa karibu asilimia 8 ya zile alizoanza nazo, kabla hata ya ada za dalali.

Mwenzake aliyetazama chati siku ya mwisho ya kila mwezi tu aliuza Februari kwenye 2,954 na kurudi mwisho wa Mei kwenye 3,044. Alipoteza asilimia 3 hivi ya hisa zake. Wote wawili hawakuwamo sokoni faharisi ilipofika 2,237 tarehe 23 Machi, ila mmoja alilipia usalama huo zaidi ya mara mbili ya mwenzake.

Sasa chujio lina faida gani, kama mstari wenyewe hauzuii kitu? Mwaka 1992 Brock, Lakonishok na LeBaron walichapisha utafiti uliopima kanuni za aina hii kwenye bei za Dow Jones kuanzia 1897 hadi 1986. Waliona kwamba baada ya ishara za kuuza, bei huyumba zaidi kuliko baada ya ishara za kununua. Hapo ndipo ninapouona uzito wake: upande wa chini wa mstari ni mahali pa misukosuko, iwe bei ilidunda pale ilipougusa au haikudunda.

Ukaguzi wa mwezi kwa mwezi nao una bei yake. Mwisho wa Septemba 1987 S&P 500 ilikuwa juu ya mstari kwa nafasi kubwa, hivyo mkaguzi wa mwezi alibaki na hisa. Ijumaa ya tarehe 16 Oktoba ilikuwa tayari imefunga chini. Jumatatu iliyofuata ilianguka zaidi ya asilimia 20 kwa siku moja, na hata yule aliyekagua Ijumaa jioni akapanga kuuza siku inayofuata ya soko, aliuzia humo humo.