Kodi iliyoahirishwa: faida moja katika vitabu viwili

Faida inayoonekana katika hesabu za mwaka za kampuni ni nadra kulingana na faida ambayo Mamlaka ya Mapato Tanzania huitoza kodi, kwa kuwa ya kwanza hupatikana kwa kanuni za uhasibu na ya pili kwa Sheria ya Kodi ya Mapato. Baadhi ya tofauti hizo ni za kudumu, kama faini za kuvunja sheria, ambazo mhasibu huziandika kuwa gharama lakini sheria ya kodi haizikubali mwaka huo wala mwaka mwingine wowote. Nyingine ni za muda tu, kwani gharama hukubalika pande zote mbili ila kwa miaka tofauti, na hizi ndizo zinazozaa kodi iliyoahirishwa, yaani kodi inayohusu faida iliyokwisha kuandikwa lakini itakayolipwa baadaye.

Chanzo chake cha kawaida ni uchakavu wa mali. Ichukuliwe kampuni ya kubuni ya usafirishaji inayonunua lori dogo, lenye uwezo wa kubeba chini ya tani 7, kwa shilingi milioni 80. Mhasibu anakadiria kuwa lori litatumika miaka 5 kisha halitakuwa na thamani, hivyo anaandika uchakavu wa milioni 16 kila mwaka. Sheria ya kodi haiulizi makadirio yake, bali huliweka lori hilo katika daraja la kwanza la mali zinazochakaa, ambalo punguzo lake ni asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki. Punguzo la kikodi kwa hiyo ni milioni 30 mwaka wa kwanza, milioni 18.75 mwaka wa pili na takribani milioni 11.7 mwaka wa tatu.

Ikiwa kampuni hiyo inapata milioni 40 kila mwaka kabla ya kuondoa uchakavu, faida yake ya kihasibu ni milioni 24, ilhali faida inayotozwa kodi mwaka wa kwanza ni milioni 10 tu. Kwa kiwango cha asilimia 30, kampuni inalipa milioni 3 mwaka huo, milioni 6.375 mwaka wa pili na karibu milioni 8.5 mwaka wa tatu. Msomaji anayetazama kodi iliyolipwa peke yake angedhani kuwa biashara inadhoofika, kwa kuwa faida baada ya kodi ingeshuka kutoka milioni 21 hadi kama milioni 15.5, ingawa lori na mapato ni yale yale.

Upotoshaji huo ndio unaorekebishwa na Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 12. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza lori lina thamani ya milioni 64 katika vitabu vya kampuni na milioni 50 kwa hesabu ya kodi. Tofauti ya milioni 14 ikizidishwa kwa asilimia 30 inatoa milioni 4.2, ambazo huandikwa katika mizania kuwa dhima ya kodi iliyoahirishwa na katika taarifa ya mapato kuwa gharama. Kodi yote ya mwaka inakuwa milioni 7.2, ambazo ni asilimia 30 kamili ya milioni 24. Mwaka wa pili tofauti inafikia milioni 16.75, kisha mwaka wa tatu inaanza kupungua, dhima inashuka kutoka takribani milioni 5 hadi milioni 3.7, na upungufu huo unafidia kodi kubwa inayolipwa.

Mwaka wa tano mambo hugeuka. Vitabu vya kampuni vinaonyesha sifuri, lakini upande wa kodi bado kuna kama milioni 7.6 za kupunguzwa siku za mbele, hivyo dhima inageuka kuwa mali. Hapo tahadhari inahitajika zaidi, kwa sababu mali hiyo huandikwa tu ikiwa kuna uwezekano mkubwa wa kupatikana faida ya kutosha inayotozwa kodi. Hasara zilizobebwa kutoka miaka iliyopita hufuata sharti hilo hilo, na kampuni yenye hasara mfululizo inayojaza mizania yake kwa mali ya aina hii inastahili kuhojiwa.

Kiwango kinachotumika ni kile kitakachotozwa tofauti itakapojifuta, almuradi kimekwisha kutungwa kisheria. Kenya ilipunguza kodi ya kampuni kutoka asilimia 30 hadi 25 mwaka 2020, kisha ikairudisha kuwa 30 kuanzia Januari 2021, hivyo kampuni iliyofunga hesabu mwishoni mwa Desemba 2020 ililipa kodi ya mwaka kwa kiwango kimoja na kupima kodi iliyoahirishwa kwa kingine.

Kasoro ya kanuni hii hujitokeza kampuni inapoongeza malori kila mwaka, kwa kuwa tofauti mpya hufunika zile zinazojifuta na dhima huendelea kukua bila kulipwa, huku kiwango cha uhasibu kikikataza kuipunguza kwa kuzingatia urefu wa muda. Mkopeshaji makini huipima dhima hiyo tofauti na deni la benki.