Je, wajua? Unywele mmoja hauijazi pikseli

Mtangazaji anaposimama mbele ya kitambaa cha kijani, nywele zake za pembeni haziingii kwenye kamera zikiwa nywele kamili. Unywele wa mtu una unene wa takribani milimita 0.07. Tuseme kamera imemchukua kuanzia kiunoni, picha ina upana wa mita moja, na upana huo umegawanywa kwa pikseli 1920. Kila pikseli itabeba zaidi kidogo ya nusu milimita. Unywele mmoja basi utajaza kama asilimia 13 tu ya pikseli yake, na asilimia 87 iliyobaki ni kitambaa.

Ndiyo maana kuondoa kijani kwenye nywele si kazi ya kukata. Hakuna mstari wa kukatia. Katika pikseli ile unywele na kitambaa vimekwisha kuwa rangi moja, kama chai iliyotiwa maziwa, na anayetaka kuvitenganisha hana budi kupiga hesabu ya kiasi gani ni hiki na kiasi gani ni kile.

Hesabu hiyo ilipata sura yake katika kazi ya Petro Vlahos, mhandisi wa Marekani aliyebuni mbinu ya tofauti ya rangi kwa ajili ya filamu ya Ben-Hur ya mwaka 1959. Wakati ule kitambaa kilikuwa cha buluu na kazi ilifanywa kwa filamu na kemikali, lakini wazo lake ndilo lililomo ndani ya programu nyingi za leo. Linasimama juu ya jambo moja: katika ngozi na nywele za binadamu, kijani ni nadra kuzidi nyekundu na buluu zote mbili. Kwa hiyo kijani kikizidi, ziada ile inatoka kwenye kitambaa.

Tuifuate pikseli moja. Tupime mwanga kwa alama 0 hadi 100, tukitaja nyekundu, kijani na buluu kwa mfuatano huo. Kitambaa kina 16, 70, 20. Ziada yake ya kijani ni 70 kutoa 20, yaani 50. Nywele nyeusi za mtangazaji zina 6, 4, 4. Mahali ambapo vinywele viwili vitatu vimepitana na kujaza nusu ya pikseli, kamera itasoma 11, 37, 12. Ziada hapo ni 37 kutoa 12, yaani 25, ambayo ni nusu ya 50. Programu inajua sasa kwamba nusu ya pikseli ni kitambaa. Inatoa nusu ya rangi ya kitambaa, 8, 35, 10, na kinachobaki ni 3, 2, 2: nusu kamili ya nywele zile nyeusi. Kisha inajaza nafasi iliyoachwa wazi kwa nusu ya mandhari mapya. Kama ni anga lenye 60, 74, 90, pikseli itatoka na 33, 39, 47. Kijani kimekwisha, na unywele umekaa juu ya anga ukiwa mwembamba kama ulivyo.

Tatizo huanza pale mhariri anapokosa subira na ramani ya uwazi, ile picha ya nyeusi na nyeupe inayoonyesha nini kibaki na nini kiondoke. Katika Keylight, kifaa kinachokuja na After Effects, ramani hiyo huonekana ukichagua `Screen Matte`. Sehemu ya kitambaa ikiwa na madoa ya kijivu, mkono hukimbilia kupandisha `Clip Black` ili kila kitu kiwe cheusi tii. Lakini kumbuka asilimia 13 ya mwanzo. Ukifika 20, kila pikseli iliyo chini ya kiwango hicho hufutwa, na unywele mmoja mmoja hufutwa pamoja na madoa. Mtangazaji hubaki na kichwa kilichochongwa kama kofia ngumu. Ukishusha mno `Clip White` kwa upande wa pili, nywele za nusu huhesabiwa kuwa nzima, nazo huburuta kijani chao hadi angani.

Dawa ni kutoitegemea ramani moja kwa kila kitu. Tengeneza ramani laini ya nywele, ukiacha vidhibiti hivyo viwili karibu na mahali vilipoanzia. Tengeneza nyingine kali ya kiwiliwili na uso, uipunguze kuelekea ndani hadi isiguse kingo, kisha uiweke kwenye tabaka lililo chini ya ile laini izibe matundu ya katikati. Madoa ya kitambaa yaliyo mbali na mtu yafute kwa kuchora mpaka kwa mkono. Mimi naamini hatua hii ya kugawa kazi ina faida kuliko programu yoyote ya bei kubwa.

Kuna kijani cha aina ya pili, na wengi hukichanganya na cha kwanza. Mwanga hugonga kitambaa, ukarudi na kutua kwenye mashavu, mabega na mng'ao wa nywele. Hapo mtu hana uwazi wowote. Amepakwa rangi tu. Cha kufanya ni kuwekea kijani ukomo. Ukomo mmoja unasema kijani kisizidi wastani wa nyekundu na buluu. Husafisha vizuri, lakini mvike mtangazaji kitenge cha njano chenye 80, 70, 15, na wastani wa nyekundu na buluu ni 47 na nusu: kijani kitashushwa kutoka 70 hadi hapo, na njano itageuka rangi ya chungwa. Ukomo wa pili unaruhusu kijani kifike ile iliyo kubwa kati ya nyekundu na buluu, hapa 80, na kitenge kitabaki salama, ingawa usafishaji ni mpole zaidi. Hakuna ubaya kutumia wa kwanza kwenye nywele na wa pili kwenye nguo. Na kwa kuwa kupunguza kijani kunapunguza pia mwanga, ukingo wa nywele zenye mng'ao unaweza kuwa wa kijivu kilichokufa. Rudisha kiasi kile cha mwanga ukitumia rangi ya mandhari mapya iliyofifishwa.

Kujua kama umefaulu, mweke mtu juu ya kijivu cha wastani, halafu juu ya nyekundu kali. Kijivu hufichua kijani kilichobaki, nyekundu hufichua ukingo mweusi. Kisha icheze video. Nywele zikichemka kutoka fremu moja hadi nyingine, chanzo mara nyingi ni chembechembe za kelele: zipunguze kwenye nakala ya kutengenezea ramani tu, picha yenyewe iachwe.

Yapo yasiyotengenezeka. Simu nyingi hurekodi rangi kwa mfumo wa `4:2:0`, ambapo pikseli nne hugawana taarifa moja ya rangi, kwa hiyo unywele hupoteza rangi yake kabla hujafungua programu. Kamera inayonoa picha yenyewe huchora mstari kuzunguka kila unywele, na mstari huo hautoki. Basi kabla ya kurekodi, shusha `Sharpness` hadi mwisho, chagua `4:2:2` kama kamera inayo, na msogeze mtangazaji mita mbili au tatu mbele ya kitambaa.