Kichefuchefu cha Dakika Ishirini

Ndege ndogo huvuka kutoka Dar es Salaam hadi Unguja kwa kama dakika 20. Mchana, ardhi ikishapata joto, hewa hupanda na ndege hurukaruka. Sikio la ndani huhisi mtikisiko. Macho yaliyoganda kwenye simu hayauoni. Ubongo ukipata habari zinazopingana, kichefuchefu huanza.

Afadhali ndege ya asubuhi, kiti cha usawa wa bawa kisichoyumba kama cha mkiani, na macho yatazame mbali, bahari inapokutana na mbingu.

Wengi hushinda njaa wakidhani ndiyo kinga. Sivyo: kipande cha mkate saa moja kabla kinatosha, chipsi mayai isubiri Forodhani. Tangawizi huwasaidia baadhi. Kidonge cha dimenhidrineti humezwa nusu saa kabla ya kuruka. Kijasho chembamba kikishatoka, umechelewa. Nacho huleta usingizi, kwa hiyo aliyekimeza asishike usukani akishuka.